Maswali yenu: mtoto kahamia shule mpya

Dada, tumehama Tandika kwenda Chanika. Mwanangu wa darasa la tatu ataenda shule kwa miguu. Nimfundisheje njia kabla ya Jumatatu?

Tembea naye saa ileile atakayokwenda. Muonyeshe alama zisizohama, kama msikiti, mnara wa simu au daraja. Genge la nyanya usilitegemee, kesho huenda halipo. Kwenye kila njiapanda simama, mgeuze atazame alikotoka, maana wakati wa kurudi mnara uliokuwa mbele utakuwa mgongoni, na watoto wengi hupotea wakirudi. Mara ya pili aongoze yeye. Wewe kaa nyuma, nyamaza hata akikosea kona, mpaka agundue mwenyewe. Hapo alipokosea ndipo panapohitaji alama nyingine.

Kisha muulize ghafla, "Unakaa wapi?" Atajibu Tandika. Ndivyo alivyozoea, na akipotea akamjibu hivyo msamaria mwema, atapandishwa daladala la Tandika. Kwa hiyo akariri jina la mtaa mpya, jina la mjumbe, na namba yako ya simu. Akariri kichwani, kwa sababu begi huibwa na daftari huloa.

Naweza kumpeleka tu, uhamisho nikafuatilia baadaye?

Hapana. Swali hili mnaniletea kila Januari! Taarifa za mtoto ziko kwenye PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, chini ya shule ya zamani. Mwalimu mkuu wa huko ndiye anayeanzisha uhamisho, na shule mpya inaupokea. Kwanza hakikisha shule mpya ina nafasi, halafu nenda kaombe uhamisho kabla hujapakia makochi kwenye kirikuu. Ondoka na namba yake ya PREM umeiandika. Mwenye mtoto wa darasa la nne au la saba asithubutu kuchelewa, kwani usajili wa mtihani wa taifa hupitia humo humo.

Ninunue sare zote mpya?

Shati jeupe analo. Uliza kwanza rangi ya sweta na nembo.

Siku ya kwanza nikae naye darasani mpaka azoee?

Mkabidhi kwa mwalimu wa darasa, muage waziwazi, uondoke. Kuchungulia dirishani kutamliza yeye na kuwachekesha wenzake. Ila kabla ya paredi mzungushe umuonyeshe choo na bomba. Mgeni huona haya kuuliza, hubana mkojo tangu asubuhi, akirudi kaptula imeloa mnamchapa, kumbe kosa lenu. Kama ana pumu au haoni vizuri ubaoni, mwambie mwalimu palepale.

Kuna kijana wa bodaboda hapa jirani, mstaarabu sana. Awe anamchukua jioni?

Mmehamia juzi, ustaarabu wake umeupima lini? Mwambie mwalimu ni nani tu anayeruhusiwa kumchukua mtoto, na mtoto mwenyewe ajue majina hayo. Mwingine akija, hata akisema katumwa na mama, mtoto arudi kwa mwalimu, mwalimu akupigieni simu.