Kubwa zaidi, kubwa kuliko, au kubwa zaidi kuliko?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natunga kitabu cha jiografia cha watoto. Niliandika: "Ziwa Viktoria ni kubwa zaidi kuliko maziwa yote ya Afrika." Mhariri wa kwanza akafuta "zaidi". Wa pili akairudisha, akafuta "kuliko" na yote yanayoifuata, akaandika "ni ziwa kubwa zaidi Afrika". Kivumishi chetu hakibadiliki umbo pale kitu kinapokizidi kingine, kwa hiyo sina pa kushika. Nani yuko sahihi? Na nikitaka kusema kitu kimevipita vyote, nisemeje?

Jibu: Marahaba. Wahariri wako wote wawili wamekuachia sentensi inayosomeka, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi mkubwa. Neno linalonisumbua mimi limo katika sentensi yako mwenyewe, nalo ni "yote". Nitalifikia, lakini tuanze na "kuliko", maana ukishaijua asili yake mengi yanajieleza.

Ipasue: ku-li-ko. Ku- ni ya mahali, -li- ni kitenzi "kuwa", -ko ni kirejeshi cha mahali. Ni "kuliko" ileile ya "huko kuliko na maji", yaani huko ambako kuna maji. Basi "Viktoria ni kubwa kuliko Tanganyika" kwa asili yake ni kama kusema: Viktoria, likiwekwa pale lilipo Tanganyika, ni kubwa. Kivumishi hakina haja ya kubadilika kwa sababu hakikupewa kazi ya kulinganisha. Kazi hiyo imebebwa na neno linaloonyesha mahali pa kusimamia unapotazama. Ndiyo maana pia unaweza kusema mtoto fulani ni mrefu kuliko mdogo wake na wote wawili wakawa wafupi. "Mrefu" hapo haisemi kimo chake kwa jumla, inasema kimo chake akiwa kando ya mwenzake.

"Zaidi" ni kitu kingine kabisa. Imetoka Kiarabu, na inasema tu kwamba kiasi kimeongezeka, bila kutaja kimeongezeka juu ya nini. Ukisema "ziwa kubwa zaidi", msomaji anakitafuta kilinganisho mwenyewe. Yakiwa yametajwa maziwa mawili, ataelewa kubwa kati ya hayo mawili. Ukitaja eneo, kama "kubwa zaidi Afrika", ataelewa kwamba limeyapita yote ya eneo hilo. Hapo ndipo mhariri wa pili alipopata haki yake: neno "Afrika" limeweka uwanja, na "zaidi" ikapata maana kamili. Tatizo linakuja pale "zaidi" inapoachwa peke yake mwanzoni mwa aya, kabla msomaji hajajua uwanja ni upi. Nimesahihisha insha nyingi zinazoanza na "Tatizo kubwa zaidi ni...", nikabaki najiuliza: zaidi ya lipi?

Kuhusu kuyatumia yote mawili, "kubwa zaidi kuliko": si kosa, na watu wanasema hivyo kila siku. Kwenye kivumishi ni ziada tu, na mimi huikata ninapotaka sentensi fupi. Kwenye kitenzi mambo ni tofauti. "Anasoma kuliko mimi" inaeleweka kwa mdomo, lakini kwenye maandishi inapwaya, kwa sababu hakuna sifa ya kulinganisha, kuna tendo tu. Hapo "zaidi" inaleta kiasi kilichokosekana: "anasoma zaidi kuliko mimi" au, kwa ufupi, "anasoma zaidi yangu".

Hiyo "zaidi yangu" ina mtego. "Zaidi yangu" ni kunizidi mimi. "Kuliko yangu" ni kukizidi kitu changu. Kwa hiyo "nyumba yake ni kubwa kuliko mimi" inalinganisha nyumba na mtu. Mwandishi alitaka "kuliko yangu". Gari lake ni kubwa kuliko langu, na kitabu chake ni kinene kuliko changu. Kwa sababu "kuliko" yenyewe haiguswi na ngeli, watu husahau kwamba neno linaloifuata lazima lifuate ngeli yake.

Na hapo ndipo tunafika kwenye "yote".

Njia ya kawaida ya kusema kitu kimevipita vyote ni "kuliko" ikifuatwa na -ote: mtoto mrefu kuliko wote, kisu kikali kuliko vyote, nyumba kubwa kuliko zote. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni la kupatanisha -ote na umoja: "ziwa kubwa kuliko lote", "kisu kikali kuliko chote". Kwa Kiswahili -ote ikiwa na umoja ina maana ya kitu kizima. Ziwa lote ni ziwa zima, toka ukingo hadi ukingo. Ukiandika "kuliko lote" unasema ziwa limejizidi lenyewe zima. Ile -ote ya kushindanisha lazima iwe ya wingi, kwa sababu inawakilisha kundi. Kwa hiyo kabla hujaandika, taja wingi wa nomino kimoyomoyo: ziwa, maziwa, kuliko yote. Ukuta, kuta, kuliko zote. Ugonjwa, magonjwa, kuliko yote.

Mlima ndio unaowaponza wengi. "Mlima mrefu kuliko wote" inasikika vizuri kwa sababu "wote" inapatana na "mlima", lakini huo ni umoja, mlima wote. Zaidi ya hapo, "wote" ikisimama peke yake humfanya msomaji awaze watu. Wingi ni milima, basi ni "mlima mrefu kuliko yote". Na nomino isiyo na wingi? Usilazimishe. Sema "upendo mkubwa kuliko mwingine wowote".

Sasa sentensi yako. "Kuliko maziwa yote ya Afrika" inalihesabu Viktoria lenyewe, maana nalo ni ziwa la Afrika, na haliwezi kuwa kubwa kuliko lenyewe. Katika mazungumzo hakuna atakayekukamata, na "kuliko yote" kwa mkato imezoeleka kiasi kwamba sipigani nayo. Lakini ukiitaja nomino kwa ukamilifu kwenye kitabu cha shule, ongeza "mengine": "ni kubwa kuliko maziwa mengine yote ya Afrika". Neno moja tu, na hesabu inakaa sawa.

Jambo la jirani na hilo ni "miongoni mwa". Naona watu wakiandika "Tanganyika ni miongoni mwa maziwa yenye kina kirefu kuliko yote duniani". Kinachozidi vyote ni kimoja, hakiwezi kuwa na wenzake. Hapa "zaidi" ndiyo inayofaa: "miongoni mwa maziwa yenye kina kirefu zaidi duniani". Inafaa kwa sababu ileile iliyoifanya ipwaye mahali pengine: haifungi mlango. Ila ukitaja idadi ya kundi, "kuliko yote" inarudi bila shida. "Maziwa matatu makubwa kuliko yote" ni matatu kwa pamoja yakiwekwa kando ya yaliyobaki.

Kwa mada yako kuna swali jingine lisilokwepeka: kubwa kwa nini? Viktoria linaongoza Afrika kwa eneo. Tanganyika lina kina kinachokaribia mita 1,470, na kwa ujazo wa maji linalizidi Viktoria zaidi ya mara sita. Mtoto akisoma "kubwa kuliko yote" halafu kwenye ukurasa unaofuata akaona hivyo, ana haki ya kuuliza. Kiswahili kina dawa nzuri ya hili, nayo ni kuacha kivumishi na kutumia nomino baada ya "kwa": la kwanza kwa eneo, la pili kwa kina. Muundo huu pia ndio njia safi ya kutaja nafasi ya pili na kuendelea. "Ziwa la pili kubwa zaidi" si kosa la kumfungia mtu mlango, lakini linganisha na "ziwa la pili kwa ukubwa" uone lipi linatoka mdomoni bila kujikwaa. Tanganyika, basi, ni la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal.

Njia ya tatu ni vitenzi: kuzidi, kupita, kushinda. Navipenda kwa sababu vinataja tofauti yenyewe, jambo ambalo "kuliko" inalifanya kwa taabu. Kilimanjaro una mita 5,895 na Mlima Kenya mita 5,199. Sema "Kilimanjaro unauzidi Mlima Kenya kwa mita 696" na umemaliza. Ukijaribu hilo kwa "mrefu kuliko" utajikuta unarefusha sentensi pasipo sababu. Vitenzi hivi hupokea sifa moja kwa moja pia: amenizidi umri, ananipita kimo. Vikiwa katika umbo la ku- vinashika nafasi ya "kuliko" kabisa, kama katika "mrefu kupita wote". Usichanganye tu na "kupita kiasi", ambayo haishindanishi mtu na mtu, inasema mpaka umevukwa.

Tahadhari kuhusu "mara", kwa kuwa nimeitumia na wewe utaihitaji. Niliposema "zaidi ya mara sita" nilimaanisha kwamba hesabu inavuka sita. Ukigeuza ukaandika "mara sita zaidi ya", wasomaji watagawanyika: wengine wataelewa mara sita, wengine wataongeza sita juu ya ile moja wapate saba. Kwenye kitabu chenye takwimu andika "ni mara sita ya" na uiache "zaidi" nje.

Mwisho, "kuliko" inaweza kuficha nani analinganishwa. "Asha anampenda Mwajuma kuliko Rehema": je, Rehema anapendwa kidogo, au ndiye anayependa kidogo? Sentensi haisemi. Fungua kishazi kwa -vyo-: "kuliko anavyompenda Rehema", au "kuliko Rehema anavyompenda". Kwenye jiografia ni nadra kukutana na hili, ila siku utakapoandika kwamba mto mmoja unalilisha ziwa kuliko mto mwingine, au kuliko ziwa jingine, utalikumbuka.

Kwa kitabu chako ningeandika hivi: "Kwa eneo, Ziwa Viktoria ni kubwa kuliko maziwa mengine yote ya Afrika. Kwa kina, Ziwa Tanganyika linalipita."