Nywila za mama kwenye daftari

"Mama anaandika nywila zake zote kwenye daftari. Ni sawa, au nimkataze?"

Usimkataze. Mwizi wa mtandaoni aliye mbali hawezi kufungua daftari lililo kabatini, ilhali nywila moja fupi inayotumika kila mahali, ambayo ndiyo watu huishia nayo wakikatazwa kuandika, ikivuja kwenye tovuti moja hufungua akaunti nyingine zote. Hata Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao cha Uingereza huruhusu kuandika, mradi karatasi ifichwe mbali na kompyuta.

Aliyetangulia kujibu swali hili alionya kwamba wageni wanaofika nyumbani wanaweza kulisoma daftari, na ana haki kuwahofia, lakini hilo lina dawa: kwa kila akaunti mama aandike maneno matatu tofauti, mathalani "korosho-ngazi-mvua", kisha herufi nne za mwisho, zilezile kwa zote, azibakize kichwani. Namba ya siri ya benki au ya pesa za simu isiingie humo kabisa, wala ukurasa usipigwe picha, kwani picha za simu mara nyingi hunakiliwa mtandaoni zenyewe.

Linalobaki ni kwamba akiugua, herufi hizo huenda zikapotea, kwa hiyo mtu mmoja anayemwamini azijue. Nani hasa, mtajua wenyewe nyumbani.