Insha ya Lord & Taylor: anza na mkataba

Swali: Naandika insha ya uchunguzi kifani kuhusu kampeni ya gauni la kampuni ya maduka ya Marekani, Lord & Taylor ya 2015. Nimehoji kwamba mainfluensa waliwadanganya wafuasi wao, lakini mwalimu kanirudishia, anasema nimesimulia tu, sijatathmini. Nirekebishe wapi?

Jibu: Badilisha mtuhumiwa kwanza. FTC, tume ya Marekani inayosimamia haki za walaji, haikumgusa influensa hata mmoja. Iliibana kampuni, na shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 2016.

Ukitaka kujua kwa nini, soma masharti waliyopewa mainfluensa. Mainfluensa 50 walipata gauni lilelile bure, pamoja na malipo ya kati ya dola 1,000 na 4,000. Walitakiwa kumtaja @lordandtaylor na kuweka #DesignLab, kisha posti zao za Instagram zikapitiwa na kampuni kabla hazijatoka. Kampuni iliyokumbuka kudai hashtagi haikudai popote waseme kwamba wamelipwa. Hilo ndilo kosa unalopaswa kulipima, na ni kosa la aliyetunga masharti kabla ya kuwa la aliyepiga picha.

Suala la uhalisi ni gumu zaidi, na hapa ndipo alama zako zilipo. Mainfluensa waliachiwa wavae gauni kwa mtindo wao, kwa hiyo ladha iliyoonekana ilikuwa yao kweli, na huenda baadhi yao walilipenda. Kilichofichwa ni sababu ya gauni moja kuzuka kwenye kurasa nyingi wikiendi ileile. Basi tenganisha mambo mawili: mtu anaweza kupenda bidhaa kwa dhati na bado akawa na wajibu wa kutaja malipo. Kwa kweli uhuru ule wa mtindo ulizidisha tatizo, maana kila picha ilifanana na uamuzi binafsi.

Usiihesabu #DesignLab kama tamko la malipo. Lilikuwa jina la mkusanyo wa nguo. Chukua posti moja, jifanye hujui chochote kuhusu kampeni, uandike mfuasi angejua nini juu ya fedha kwa kuisoma tu. Hata #ad, yaani tangazo, ingewekwa, ungeuliza imekaa wapi: ikizikwa katikati ya msururu wa hashtagi, au mpaka mtu abonyeze ndipo aione, haitoshi.

Kuhusu matokeo, punguza kasi. Posti zilifikia watu milioni 11.4 na gauni likaisha dukani, lakini hiyo haithibitishi kwamba kuficha ndiko kulikouza. Hakukuwa na kundi la posti zilizotaja malipo la kulinganisha nalo, na wakati huohuo jarida la mtandaoni la Nylon lilichapisha makala iliyolipiwa na kampuni bila kusema hivyo. Makubaliano yenyewe hayakuwa na faini, kwa hiyo kama unataka kudai kwamba adhabu iliwatisha wengine, kisa hiki hakikupi ushahidi huo.