Aplikesheni ya benki inajifunga ikifunguliwa kwenye simu ya zamani: angalia Chrome kabla ya kufuta data

"Wakuu, natumia simu ya Android 7, hifadhi GB 16. Ilikuwa imejaa, nikafuta vitu vingi kupata nafasi. Tangu siku ile aplikesheni ya benki nikiigusa inaonyesha nembo sekunde mbili, inajifunga. Nimezima simu na kuwasha, bado. Nifute data yake au ndiyo simu imeshapitwa na wakati?"

Mkuu, usifute data kwanza. Niambie kitu kimoja: katika hivyo vitu ulivyofuta, Chrome ilikuwemo? Ama uliizima, ama uligusa `Uninstall updates` kwa kuwa ilikuwa inakula nafasi kubwa na wewe huitumii? Nakuuliza hivyo kwa sababu mimi nilifanya hilohilo kwenye simu ya mama yangu, nayo ilikuwa Android 7 yenye GB 16, na tuliteseka siku tatu kwa jambo ambalo tiba yake ilikuwa ya dakika kumi.

Ilikuwa hivi. Simu ilibaki na nafasi ya MB 200 hivi, kila saa inatoa onyo kwamba hifadhi inakwisha. Nikaingia kwenye orodha ya programu, nikaona Chrome imechukua nafasi kuliko zote. Mama havinjari mtandao, anapiga simu, anasoma meseji na kutuma pesa. Nikaondoa masasisho yote ya Chrome ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, nafasi ikapatikana, nikafurahi. Jioni anataka kulipa bili, aplikesheni ya benki inaonyesha nembo na kutoweka. Kwenye menyu ya namba za nyota na reli pesa yake ilikuwepo salama, kwa hiyo akaunti haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa ndani ya simu.

Aplikesheni nyingi za benki na za pesa za simu hazichori kila kitu zenyewe. Ukurasa wa kuingia, masharti ya huduma, matangazo ya mwanzo, mara nyingi hivyo ni kurasa za wavuti zinazoonyeshwa ndani ya aplikesheni. Kinachozionyesha ni kipande cha mfumo kinachoitwa WebView. Kwenye Android 7, 8 na 9, kazi hiyo ya WebView hufanywa na Chrome yenyewe. Kwa hiyo hata kama hujawahi kuifungua Chrome maishani mwako, aplikesheni nyingine zinaiazima injini yake kimyakimya. Ukiirudisha Chrome kwenye toleo la kiwandani, umezirudisha zote kwenye injini ya mwaka simu ilipotengenezwa. Ukiizima kabisa, simu huhamia kwenye `Android System WebView` iliyokuja nayo, ambayo kwa kawaida ni kuukuu vilevile. Aplikesheni iliyoandikwa juzi inaita kitu ambacho injini ile haikijui. Nyingine zitakuonyesha ukurasa mweupe mtupu, nyingine zitajifunga palepale. Kwenye Android 10 na kuendelea WebView imetenganishwa na Chrome, kwa hiyo huko inayotakiwa kuangaliwa ni `Android System WebView`.

Namna ya kuhakikisha: nenda Settings, sehemu ya kuhusu simu, gusa `Build number` mara saba mpaka iseme umekuwa msanidi. Rudi nyuma, fungua `Developer options`, tafuta `WebView implementation`. Pale utaona jina; kama namba ya toleo haionekani, itazame kwenye ukurasa wa programu hiyo ndani ya Settings. Simu ya mama ilionyesha Chrome, namba inayoanza na 58, yaani toleo la mwaka 2017. Kwa Android 7 toleo la mwisho la Chrome ni 119, lililotoka mwaka 2023. Ukikuta namba iko mbali chini ya hapo, umeshampata mchawi. Ukimaliza kuangalia, rudi uzime `Developer options`, kwa sababu zipo aplikesheni za benki zinazokataa kufunguka zikiikuta imewashwa, na hapo utakuwa umejiongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Tiba ni kuiwasha Chrome kama umeizima, kisha kuisasisha kutoka Play Store. Ukikuta `Android System WebView` imeandikwa kwamba imezimwa, usishtuke. Kwenye Android 7 hadi 9 hiyo ndiyo hali ya kawaida Chrome ikiwa hai. Shida utakayokutana nayo ni nafasi, na hapa ndipo wengi wanakwama. Toleo jipya likipakuliwa linahitaji mahali pa kukaa faili lenyewe, halafu mahali pa kufunguliwa, halafu mahali pa kuandaliwa ili liweze kukimbia kwenye simu hiyo. Aplikesheni inayosomeka MB 90 dukani inaweza kutaka mara mbili au tatu ya hapo wakati wa kuwekwa. Mfumo wenyewe huanza kulalamika nafasi ikishuka chini ya MB 500 hivi. Mimi kwa simu kama hizi sianzi kusasisha chochote kabla sijaona GB 1 tupu.

Nafasi hiyo itoe kwenye video na sauti za makundi ya WhatsApp, si kwenye programu za mfumo. Hamishia kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta. Aplikesheni ya benki yenyewe usitegemee kuihamishia kwenye kadi, nyingi haziruhusu, na ni haki yao kwa sababu kadi inachomoka na kuingizwa kwenye simu ya mtu mwingine.

Sasa, kama umeangalia WebView ukakuta iko sawa, hapo ndipo ugeukie kashe na data. Ingia kwenye ukurasa wa aplikesheni hiyo ndani ya Settings, gusa `Force stop`, halafu `Storage`, halafu `Clear cache`. Kashe ni vitu ambavyo aplikesheni inaweza kuvitengeneza upya: picha, kurasa zilizohifadhiwa, faili za muda. Kuifuta hakukupotezei chochote. Inasaidia hasa pale simu ilipojaa katikati ya kuandika faili, likabaki nusu, na kila ukifungua aplikesheni inajaribu kulisoma lile faili bovu na kuanguka.

`Clear data` ni jambo jingine kabisa. Inafuta usajili wa simu yako kwenye benki, funguo za siri na kila kitu. Aplikesheni itakuona mgeni. Siku ile mimi niliigusa kwa haraka nikidhani ni hatua ndogo. Aplikesheni iliendelea kujifunga kwa sababu WebView ilikuwa bado kuukuu, na tulipoitengeneza hatimaye, mama alidaiwa kujisajili upya: namba ya uthibitisho iende kwenye laini yake, na namba ya siri ya zamani ambayo hakuikumbuka. Ikabidi aende tawini na kitambulisho. Ndizo zile siku tatu. Kwa hiyo kabla hujaigusa, hakikisha laini iliyosajiliwa iko ndani ya simu hiyohiyo na inapokea meseji, unaikumbuka namba ya siri, na unajua benki yako inataka nini mtu anapojisajili upya. Pesa haipotei, kwa kuwa haikai kwenye simu, lakini unaweza kukaa bila aplikesheni kwa muda.

Kuhusu swali lako la simu kupitwa na wakati: kipo kipimo. Kila aplikesheni hutangaza toleo la chini kabisa la Android inalokubali. Simu ikiwa chini ya hapo, Play Store inakataa kuiweka, inakwambia kifaa chako hakiendani, au inakupa toleo la zamani kama wenye aplikesheni wameliacha. Haikuwekei halafu ikaanguka. Kwa hiyo kama yako imeshuka kutoka Play Store yenyewe na kukaa, basi wenye aplikesheni bado wanaihesabu Android 7, na una sababu ya kuendelea kutafuta tatizo. Siku Play Store itakapokukatalia, au aplikesheni itakapofunguka na kusema toleo hili halitumiki tena, hapo kufuta kashe hakutasaidia. Na kwa kuwa Chrome ya Android 7 imegota kwenye 119, injini ya WebView haitapanda tena. Ipo siku aplikesheni itataka zaidi ya hapo.

Tafadhali usikubali mtu akurushie faili la APK la aplikesheni hiyo kutoka simu yake. Acha hatari ya kupewa toleo lililochezewa, ambayo peke yake inatosha kukataa. Siku hizi aplikesheni nyingi hushushwa vipandevipande kulingana na simu: kipande cha msingi, kipande cha prosesa, kipande cha kioo. Anayekurushia mara nyingi anarusha cha msingi tu, au cha prosesa ya simu yake. Kinakaa vizuri, nembo inaonekana, halafu kinajifunga ndani ya sekunde, dalili zilezile ulizozieleza. Kama yako iliingia kwa njia hiyo, ing'oe uishushe Play Store, ukijua kwamba kuing'oa ni sawa na kufuta data.

Ukiwa na kompyuta au fundi unayemwamini, upo uthibitisho wa mwisho. Washa tena `Developer options` na ndani yake `USB debugging`, unganisha kebo, andika amri hii kwenye kompyuta yenye programu ya adb, kisha fungua aplikesheni iache ianguke:

```
adb logcat -b crash
```

Soma mistari michache baada ya `FATAL EXCEPTION`. Ukiona `SQLiteFullException`, hifadhi imejaa. Ukiona `UnsatisfiedLinkError`, mara nyingi ni kipande cha prosesa kinachokosekana. Ukiona maneno `webview` au `chromium`, rudi kule nilikoanzia. Zima `USB debugging` na `Developer options` ukimaliza.

Lakini kwa maelezo yako, kwamba ilianza siku ileile uliyosafisha simu, ningeanza na Chrome. Leta hapa jina unaloliona kwenye `WebView implementation`, namba ya toleo lake na nafasi iliyobaki, tuendelee kuanzia hapo. Wakati huo lipa bili zako kwa menyu ya nyota na reli kama benki yako inayo, haihitaji WebView wala intaneti.