Mvua ni ya Mungu, lakini vigae ni vyako

*"Nina duka Mombasa. Juzi mvua inanyesha, mteja kaingia, kateleza pale mlangoni, kaumia nyonga. Sasa mwanawe anataka nilipe hospitali. Maji sikumwaga mimi, yameletwa na viatu vya watu. Kwa nini iwe juu yangu? Si kila mtu aangalie anapokanyaga?"*

Pole kwa yaliyokufika, na pole zaidi kwa aliyeanguka. Nilikuwa msimamizi wa zamu katika supamaketi moja hapo hapo Mombasa kwa miaka sita, na kisa kilichonifunza jambo hili kilitokea zamu yangu. Nakuhadithia kama kilivyokuwa.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, jioni, duka limejaa. Kwenye friji ya maziwa, pakiti moja ilikuwa imetoboka kwenye kona. Yale maziwa yakawa yanadondoka tone tone mpaka yakafanya kidimbwi cha ukubwa wa sahani, juu ya kigae cheupe. Maziwa meupe juu ya kigae cheupe huyaoni mpaka uiname. Akaja mama mmoja wa makamo, kikapu mkononi, macho yako juu anatafuta bei. Mguu wa kulia ukamtoka. Akajikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika kwenye kifundo cha kiganja.

Tajiri wetu alisema maneno yako yale yale: sisi hatukumwaga, pakiti imekuja na kasoro kutoka kiwandani, na huyo mama angeangalia anapokanyaga. Tulipofungua kamera tukanyamaza. Dakika kumi na moja kabla ya mama kuanguka, askari wetu wa mlangoni alipita pale. Akakiona kidimbwi, akainua mguu, akakivuka, akaendelea na safari yake. Alipoulizwa alisema kweli tupu: kazi yake ni kulinda wizi, na hakuna aliyewahi kumwambia amwite nani akiona sakafu imelowa.

Hapo ndipo pana jibu lako. Hakuna anayekudai uizuie mvua wala pakiti isitoboke. Unachodaiwa ni uangalifu wa kiasi, ili mtu uliyemfungulia mlango awe salama kwa lile lililomleta. Kenya jambo hili limeandikwa, katika Sheria ya Dhima ya Mwenye Mahali, Sura ya 34. Anayebeba mzigo ni yule mwenye mamlaka juu ya mahali, hata kama jengo ni la kupanga, kwa sababu ni yeye anayeweza kuchagua kigae, kumtuma mtu apige deki, au kufunga njia. Mteja hana hata moja kati ya hayo. Na hilo la "aangalie anapokanyaga", fikiria wewe mwenyewe ulivyopanga duka: bidhaa umeziweka usawa wa macho, bei umeziandika kwa rangi kali. Umemwalika atazame juu, kisha unamlaumu kwa kutotazama chini.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo mawakili wa huku huitaja sana, kwa kuwa sheria yetu ina asili huko. Mwaka 1974, katika mji wa Smethwick, mwanamke aliteleza juu ya mtindi uliomwagika ndani ya duka la Tesco. Hakuna aliyejua nani kaumwaga wala umekaa pale muda gani. Duka likasema sakafu hufagiliwa mara tano au sita kwa siku. Mahakama ya Rufani, mwaka 1976, ikampa ushindi yule mwanamke, ingawa jaji mmoja kati ya watatu hakukubali. Hoja ya waliomuunga mkono ni kwamba vitu kumwagika dukani ni jambo la kila siku, na sakafu iko mikononi mwa duka. Kwa hiyo duka ndilo lieleze lilikuwa na utaratibu gani, na kama siku ile utaratibu ulifuatwa. Tesco hawakuweza kuonyesha sakafu ile ilifagiliwa lini mara ya mwisho kabla ya ajali.

Sisi tulikuwa na daftari la usafi, lenye sahihi kila baada ya nusu saa. Wakili wa mama akaliomba. Akatuonyesha kwamba ukurasa wa Ijumaa ile umejazwa wote kwa kalamu moja, mkono mmoja, mpaka saa ambayo duka lilikuwa limeshafungwa. Sahihi zilikuwa zangu. Nilizitia asubuhi ili nipate nafasi ya kazi nyingine. Hatukufika mbele ya hakimu. Tajiri alilipa hospitali, na akalipa pia kipato cha miezi minne, maana yule mama alikuwa akiishi kwa kukaanga mahamri. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amekaa kando ya karai, binti yake anakanda unga, yeye anamwelekeza kwa mdomo, plasta imefika karibu na kiwiko. Sijaisahau sura ile.

Turudi kwenye mvua yako. Mvua ya masika haishtukizi mtu, kwa hiyo swali litakuwa ulijiandaa vipi. Kigae kinachong'aa kikilowa ni hatari hata kwa anayetembea taratibu, na mwenye kandambili zilizolika soli ndiyo kabisa. Kinachosaidia hasa ni zulia refu la kunyonya maji, lenye mpira chini, mtu apige hatua kadhaa juu yake kabla hajagusa kigae, na likishiba maji libadilishwe. Zulia lililoshiba huwa linamwaga maji, halinyonyi tena. Halafu awepo mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, wa kukausha mlangoni mvua inaponyesha. Nasema kukausha. Kupitisha tambara la deki lililolowa, tena lenye sabuni, kunaacha utando unaoteleza kuliko maji yenyewe.

Kibao cha "Tahadhari" weka, lakini usikitegemee. Onyo hukukinga pale tu linapomwezesha mtu kuwa salama. Kama mlango ni mmoja na maji yametanda kuta hadi kuta, kibao kinamwambia ataanguka bila kumpa njia ya kupita. Na kikikaa siku nzima hata sakafu ikiwa kavu, watu huacha kukiona.

Wajibu huu una mpaka wake. Mteja akiangusha soda, na sekunde chache baadaye mwingine akateleza, duka lenye utaratibu mzuri halina kosa, kwa sababu hapakuwa na muda wa kufanya lolote. Na mtu akiingia mbio, au kajiinamia simu, fidia yake inaweza kupunguzwa kwa kadiri ya uzembe wake. Mtoto hapimwi hivyo, sheria inakutaka utegemee kuwa hatakuwa mwangalifu kama mtu mzima.

Kwako sasa, kamera za siku ile zihifadhi leo, kwa sababu mashine nyingi hujifuta zenyewe baada ya muda mfupi. Zihifadhi hata kama zinakuumbua. Kama una bima ya dhima kwa umma, ile inayolipa mtu wa nje akiumia kwako, waarifu watu wa bima kabla hujaahidi malipo, kwani ukikiri peke yako wanaweza kukugomea. Aliyeumia ana miaka mitatu tangu siku ya ajali kufungua kesi, kwa hiyo usidhani kimya ni msamaha. Nenda ukamwone mgonjwa, kumjulia hali si kukiri kosa.

Na kaa na wafanyakazi wako, uwaulize bila ukali: mlangoni palikaushwa saa ngapi mara ya mwisho, na nani alikausha? Majibu yao yaandike kama yalivyo, hata kama ni "hatujui".