Mashine inang'ata nywele: shika bisibisi kabla ya msasa

Swali: "Fundi, mashine yangu ya kunyolea imeanza kung'ata nywele, hasa kisogoni, na wateja wanaruka kwenye kiti. Mafuta natia kila asubuhi, na kila nikimaliza mteja naichoma kwa spiriti. Jirani anasema ataipiga msasa irudishe makali. Nimruhusu?"

Jibu: Usimruhusu. Na mimi sijaamini bado kwamba meno yako ni butu.

Meno ya juu yanayocheza hukata kwa sababu yamelala bapa juu ya yale ya chini, kama mkasi. Vumbi la nywele likichanganyika na mafuta huwa uji mzito unaoyanyanyua kidogo tu, na hapo unywele unakunjwa na kuburutwa badala ya kukatwa. Wewe kila asubuhi unaongeza mafuta juu ya uji ule ule.

Chomoa mashine kwenye umeme, fungua skrubu mbili, tenganisha meno. Sugua kwa mswaki mkavu, hasa kwenye mfereji ambamo meno ya juu huteleza, maana uchafu hujificha huko, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti. Ukirudishia, ncha za juu zibaki nyuma ya zile za chini kwa upana mdogo, sawasawa kulia na kushoto. Zikitangulia zitachana ngozi. Tia matone matatu ya mafuta ya mashine kwenye meno na tone moja kila pembeni, iwashe sekunde kumi ukiielekeza chini, futa yaliyozidi. Mafuta ya cherehani yanafaa. Ya kupikia na ya mgando yanaganda, achana nayo.

Sasa jaribu kwenye nywele kavu, safi. Ikivuta sehemu moja tu, angalia kwenye mwanga kama kuna jino lililovunjika. Ikivuta upana wote na kuacha nywele zimesimama hata ukirudia mara mbili, hapo makali yameisha. Badilisha ya juu na ya chini pamoja.

Msasa wa mkono hauwezi kulinda ule ubapa. Unakula pembeni zaidi ya katikati, na meno yanaacha kugusana kabisa. Nimeletewa mengi ya namna hiyo, yanang'aa kama mapya na hayakati hata uzi.

Ila kinachonikera kuliko msasa ni huo moto wenu. Ncha za meno ni nyembamba, zikipata joto kila mara chuma hulegea. Moto unaunguza mafuta pia, kwa hiyo mteja anayefuata ananyolewa kwa chuma kikavu, na wa sekunde mbili hauui kila kijidudu kilichojificha chini ya nywele zilizoganda. Mteja anaona miale anadhani amesalimika na mapunye. Toa nywele zote kwanza, lowesha meno kwa spiriti, yaache yakauke yenyewe, ndipo utie mafuta. Kama foleni ni ndefu, nunua seti ya pili ya meno, moja ikauke wakati nyingine inafanya kazi.