Wageni wa kliniki ya waliopona kansa utotoni, anzeni na hesabu ya dozi

Nyie mnaoanza kazi hii naomba niwaambie kosa nililolifanya mimi mwaka wa kwanza, maana naona bado linarudiwa. Alikuja dada wa miaka 24, kansa ya figo alitibiwa akiwa na miaka 4, anajisikia fresh kabisa, anataka tu barua ya kazini. Kwenye faili kuna doksorubisini, dawa ya kansa inayoweza kuharibu moyo, jumla miligramu 200. Nikaona 200 iko chini ya 250 ambako hatari kubwa inaanzia, basi hatari ya kati, eko ya moyo kila miaka 5, nikampangia hivyo akaondoka.

Sasa 200 ile ilikuwa miligramu tupu. Ile mipaka tunayotumia ni miligramu kwa kila mita ya mraba ya mwili, na mwili wenyewe ni ule wa siku anapewa dawa, sio wa leo. Huyu alikuwa na kilo 16 na kimo sentimita 102. Zidisha hizo mbili, gawa kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili, unapata kama 0.67. Gawa 200 kwa 0.67, ni kama 300. Yani yuko hatari kubwa, eko kila miaka 2, maisha yake yote. Ukigawa kwa mwili wake wa sasa, tuseme 1.6, unapata 125 na unajidanganya vibaya sana.

Bosi wangu ndo aliyeligundua, tukamwita haraka. Eko ikaonyesha moyo unasukuma asilimia 46 tu ya damu yake kwa kila pigo, chini ya kawaida, na hana dalili hata moja, hachoki, havimbi miguu. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wanasubiri dalili. Dawa hii inaua seli za misuli ya moyo na moyo hauoti nyingine za kutosha, zilizobaki zinabeba mzigo miaka na miaka, mtoto anakua mwili unakuwa mkubwa, halafu inakuja presha au mimba ndo unazidiwa. Kwa hiyo presha kwa hawa watu msiidharau, ipimwe kila anapokuja.

Alianzishiwa dawa ya kupunguzia moyo mzigo. Alikuwa anafikiria kuzaa, na dawa za kundi lile hazifai kwenye mimba, ikabidi daktari wa moyo na wa uzazi wakae pamoja kabla hajashika mimba, na hilo swali mimi sikumuuliza siku ya kwanza. Muulizeni kila binti.

Kingine, angalia kama kifua kilipigwa mionzi, maana ikikutana na dawa hizi hatari inapanda hata dozi ikiwa ndogo. Na kama faili halina kilo wala kimo, usikisie, iombe hospitali iliyomtibu chati za kemo za siku zile. Ukishapata, mwandikie kwenye karatasi jina la dawa, jumla kwa mita ya mraba na tarehe ya eko ijayo, aondoke nayo mkononi, maana akihamia kwingine daktari mpya ataona tu kijana mzima wa afya.